Ujumbe Ambao Sikuwemo

Mimi niliacha shule darasa la tano, na leo ukisikia kinu cha mahindi kinanguruma vizuri upande wetu wa Jinja, uliza mota yake ilisukwa na nani. Watakuonyesha mtaa wa Mpumudde, watakuonyesha karakana yangu. Mota ikiungua, wengine wanasema nunua nyingine. Mimi naifungua, natoa waya ulioungua, nasuka shaba mpya kwa mikono hii, napaka vanishi, naikausha, inarudi kazini kama imetoka dukani. Hakuna aliyenifundisha darasani. Nilijifunza kwa Mhindi mmoja mzee wa mjini aliyekuwa haongei sana, ila ukikosea alikugonga vidole na kipande cha mbao.

Baba yangu alikuwa askari magereza, mtu wa kaskazini aliyeletwa Jinja na uhamisho. Katika nyumba zile za askari kila mlango ulikuwa na kabila lake, kwa hiyo sote tulikutana kwenye Kiswahili. Watu wengine hapa kwetu wanasema Kiswahili ni lugha ya bunduki, ya wanajeshi. Kwangu mimi ilikuwa lugha ya kuitwa kula. Ndiyo maana naandika kwa lugha hii, na ndiyo maana binti yangu naye nilimlea nayo, ingawa shule ilimpa Kiingereza kizuri kuliko cha mawakili.

Binti huyo ndiye mtoto wangu wa pekee. Nilimsomesha umeme mpaka akapata stashahada, na alipomaliza nikamleta karakana. Nikamwita mchoraji wa vibao, nikamwambia chini ya neno Karakana aongeze maneno matatu: Baba na Binti. Mchoraji aliuliza kama nina hakika, maana vibao vya namna hiyo huwa ni Baba na Mwana. Nikamwambia wewe chora. Watu walisimama barabarani kukisoma. Madereva wa boda boda wakawa wanaelekeza abiria kwa kibao kile. Nilijisikia mtu.

Siku moja mchana nikamkuta amekaa juu ya mota iliyopinduliwa, simu mkononi, ugali wake umepoa pembeni.

"Kuna mtu amekukasirisha?" nikamuuliza.

"Hapana, baba. Kuna mtu amekubali kuunganishwa na mimi."

"Mchumba?"

Akacheka. Mwenzangu wa siku nyingi, Msoga mmoja wa hapa hapa Jinja anayepaka vanishi na kupaka maneno, akadakia kutoka ndani: "Kama ni mchumba aje na mota yake."

Binti akanieleza. Kuna mtandao wa watu wa kazi. Si wa picha za harusi na matani. Humo kila mtu anaweka kazi aliyofanya, alichosoma, alipo sasa, na unaweza kumwandikia mtu usiyemjua kabisa. Yeye alikuwa amemwona mwanamke mmoja, injinia wa kiwanda kimoja kule Mbale, eneo la viwanda. Alituma ombi la kuunganishwa, na sasa amekubaliwa, kwa hiyo anaweza kumwandikia.

"Unataka nini kwake?"

"Dakika kumi na tano kwa simu. Nimuulize alivyofika pale. Mitambo yao inajiendesha kwa kompyuta, baba. Mota zinaambiwa lini zianze, kwa kasi gani, lini zisimame."

"Hata mimi naiambia mota isimame."

"Unaiambia kwa swichi."

"Na inasikia."

Sikukasirika. Nilifikiri hivi: binti akijua mambo ya kompyuta atayaleta karakana, na kibao changu kitakuwa na maana zaidi. Nikavuta kiti. Nikamwambia mtu mkubwa haandikiwi hivi hivi, leta simu, mimi nitasema, wewe utaandika.

"Andika. Mheshimiwa Bwana..."

"Ni mwanamke, baba. Nimekwambia."

"Mheshimiwa Mama. Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na familia yako na wafanyakazi wenzako. Mimi ni binti wa fundi mkuu wa mota mjini Jinja, ambaye kazi yake inajulikana kuanzia mtoni hadi Iganga. Umeandika Iganga?"

"Naandika."

"Baba yangu amenifundisha kila kitu. Sasa naomba kazi yoyote uliyonayo, hata ya mafunzo. Namba ya baba ni hii. Yuko tayari kuja kukusalimu."

Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwenye kioo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwenye mtandao ule hawaandiki hivyo. Mtu wa namna ile anasoma kwenye simu akiwa amesimama, katikati ya kelele za mitambo. Akiona maneno yanateremka bila mwisho hasomi. Na ukimwomba kazi mtu usiyemjua, anafunga mlango, kwa sababu kazi si yake kugawa. Ila ukimwomba muda mfupi wa kuuliza njia, na ukimwonyesha umesoma alichoandika, na ukimwachia nafasi ya kukataa bila aibu, anaweza kukubali.

"Sasa kama huombi kazi unampigia simu ya nini?"

"Kuuliza."

"Kuuliza tu."

"Ndiyo, baba. Kuuliza tu."

Msoga akasema ndani: "Huyo ni kama anayeingia hotelini kuuliza supu inapikwaje."

Tukacheka wote watatu. Nikamwambia basi, punguza salamu, lakini ile ya fundi mkuu usiiguse. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Akabonyeza. Akasema, "Nimetuma." Nami nikaenda kunawa mikono nikijua kwamba Mbale kuna mtu mkubwa anayesoma habari zangu.

Siku chache zikapita, akaja mbio kutoka uani. Injinia amejibu. Amekubali. Wiki ijayo, Alhamisi, saa za mapumziko ya mchana, atampigia.

Nilimwambia kila mtu. Nilimwambia anayeniuzia waya, nilimwambia mama wa chapati, nilimwambia jirani mwenye duka la vipuri ambaye mtoto wake alisoma uhasibu na bado anauza sabuni. "Binti yangu ana mazungumzo na injinia wa Mbale," nikasema. Jirani akauliza, "Wanajuana?" Nikamjibu, "Ananijua mimi." Kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoamini.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa mtandao hawalijui. Kwetu mtu akikubali kukusikiliza, humwachi akusikilize bure. Huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Baba yangu, kila uhamisho, alikwenda kumsalimu mkuu mpya wa gereza na jogoo chini ya kwapa, na si rushwa ile, ni adabu, ni kusema nimekuona. Mimi mwenyewe yule Mhindi alinipokea kwa sababu nilimpelekea papai kutoka shamba la mama kabla sijasema neno. Nilipoona Alhamisi inakaribia nikajua binti hataifikiria adabu hiyo, shule haifundishi. Na nilikuwa na mota ya mteja wa kupeleka Mbale, mwenye kinu karibu na hilo eneo la viwanda. Safari ilikuwa yangu tayari.

Jumatano asubuhi nikashuka ziwani Wanyange wavuvi wanaporudi. Nikachagua sangara, yule sisi tunamwita mputa, mkubwa, macho yake bado yana maji. Nikamfunga kwenye gunia na barafu. Nyuma ya pikapu yangu kulikuwa na mota na grisi, kwa hiyo samaki nikamweka mbele, miguuni pa kiti cha abiria, kama mgeni. Binti aliniona naondoka. Aliuliza nakwenda wapi, nikasema kupeleka mota ya watu. Sikudanganya.

Nilifika Mbale, nikafunga mota kwenye kinu, ikawashwa, ikaimba. Mwenye kinu akanipigapiga begani. Nikiwa bado na furaha hiyo nikaendesha mpaka geti la kile kiwanda.

Mlinzi alikuwa kijana wa kwetu kaskazini, nilimjua kwa lafudhi. "Afande," nikamwambia, "nina mzigo wa injinia. Yule mama wa mitambo."

"Anakutegemea, mzee?"

"Mimi ni baba wa binti atakayeongea naye kesho. Mwambie fundi mkuu wa Jinja amekuja kumsalimu."

Alipiga simu ya ndani. Nikasubiri kwenye kivuli cha ukuta, mlima wa Wanale umesimama juu ya mabati yao kama unachungulia. Nilijipangusa viatu. Nilijiandaa kusema mambo mawili matatu juu ya mota, ili ajue anaongea na nani.

Akatoka. Mwanamke wa umri kama wangu, kofia ngumu kichwani, vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni. Alinisalimu kwa Kiswahili cha Kenya, chepesi, kisichoogopa mtu.

"Shikamoo sitakuamkia, tunalingana," akasema akitabasamu. "Nimeambiwa wewe ni fundi wa Jinja. Tuna mota yetu kwako?"

"Bado, lakini mtaleta," nikasema. "Mimi ni baba wa yule binti."

"Binti gani?"

"Wa kesho. Wa simu. Wa Jinja."

Nikaona anatafuta kichwani. "Yule wa karakana? Wewe ni baba yake?"

"Mimi ndiye mwenye karakana. Si amekuandikia? Fundi mkuu wa mota."

Pale ndipo uso wake ulibadilika, si kwa ubaya, ila kama mtu aliyeambiwa habari mbili zisizopatana. Akatoa simu mfukoni. Nadhani hakutaka kuniumiza, alitaka tu kuhakikisha kwamba tunamzungumza mtu mmoja. Ujumbe ulikuwa kwa Kiingereza. Alinisomea kwa Kiswahili, taratibu, na maneno yake nayajua hadi leo:

"Habari, Injinia. Nimesoma ulivyoeleza mabadiliko ya mstari wenu wa kujaza chupa, hasa jinsi mlivyowafundisha upya mafundi wa zamani. Nina stashahada ya umeme na ninafanya kazi katika karakana ndogo Jinja. Ningependa kuingia katika mitambo inayojiendesha, na sina mtu wa karibu wa kumuuliza. Unaweza kunipa dakika kumi na tano kwa simu, siku utakayochagua? Ukikosa nafasi nitaelewa kabisa. Asante."

Basi. Hapo ukaisha.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilikuwa natafuta Iganga, natafuta namba yangu, natafuta hata salamu zangu kwa familia yake. Karakana ndogo. Sina mtu wa karibu.

"Ni ujumbe mzuri," injinia akasema. "Napata mingi. Wengi wananiambia nipe kazi, nipe kazi, mama nisaidie. Huyu amesoma kazi yangu. Ndiyo nikakubali."

"Mimi nilimwambia aandike vingine."

"Basi bahati nzuri hakuandika."

Alisema kwa mzaha, na mlinzi akacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu mwanaume mzima hawezi kulia getini kwa watu. Kisha nikakumbuka samaki. Sijui kwa nini sikuondoka naye. Nadhani nilitaka kuwe na kitu kimoja changu katika shughuli ile. Nikafungua mlango wa pikapu, nikamtoa, maji ya barafu yakatiririka mpaka kwenye viatu nilivyopangusa.

Injinia akarudi nyuma hatua. "Hiyo ni nini, baba?"

"Ni adabu tu. Ya kesho."

"Hapana. Hapana, tafadhali. Sisi hapa zawadi haturuhusiwi, hata soda. Na tuko kwenye geti, kila mtu anaona." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee wangu, unaelewa? Binti yako hakuniomba kazi. Aliniomba kunisikiliza. Sasa wewe umekuja na samaki mbele ya ofisi ambamo nasaidia kuchagua watu wa kuajiri. Kesho akileta maombi yake hapa, watasema nini?"

"Watasema baba yake ana heshima."

"Watasema nimelishwa."

Mlinzi akasema kwa huruma, "Mzee, kama yeye hamtaki, mimi sina ofisi." Nikamrudisha samaki mahali pake.

Sitasimulia sana barabara ya kurudi. Nilipita barabara ya Tirinyi nikiwa nabishana na kioo. Nilimwambia binti, kana kwamba amekaa kando yangu: kitanda ulicholalia, daftari ulilosomea, nauli ya chuo, vyote vilitoka kwenye shaba niliyosuka, moja moja, na wewe ukaandika huna mtu. Nilikuwa nimemwandika kwenye kibao cha barabarani, kwa rangi ya mafuta, mji mzima usome. Yeye kwenye ujumbe wa watu wawili tu hakuwa na mahali pa kunitia. Mgeni kabisa, mtu asiyemjua, alipata "nimesoma kazi yako". Mimi nilipata "ndogo".

Samaki nikampa mama wa chapati. Alishukuru mpaka akanichosha.

Kesho yake, Alhamisi, sikusema neno. Nilitaka kuona kama atanitazama usoni. Mchana ukafika, binti akajifunga ndani ya stoo na kalamu na maswali yake, ameyapanga. Akatoka haraka mno. Akaja mpaka kwenye meza yangu, akaweka simu juu ya koili niliyokuwa naisuka.

"Amefuta miadi," akasema. "Ameandika kwamba anasikitika, hawezi kuongea na mimi kwa sasa kwa sababu baba yangu alikwenda kiwandani na zawadi. Ananitakia heri." Akavuta pumzi. "Ndiyo maana gari linanuka samaki."

"Na wewe ndiyo maana huna mtu."

Alielewa mara moja. Niliona anaelewa. Msoga naye aliona, akachukua kopo lake la vanishi akatoka nje bila mzaha wowote, na huyo ni mtu ambaye hata matangani hutania.

"Alikusomea," binti akasema.

"Mara mbili. Niliketi hapa nikakuambia maneno, ukatikisa kichwa, ukaniambia umetuma."

"Nilituma."

"Ulituma ya kwako. Yangu uliyafanya nini?"

"Niliyafuta, baba."

"Karakana ndogo?"

"Ni ndogo. Sikusema mbaya." Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka, hiyo ameirithi kwangu. "Unajua kila nikimwambia mtu kwamba baba yangu ana karakana ya mota anasema nini? Ana bahati mtoto huyu, akae hapo hapo. Mwalimu alisema hivyo. Wajomba walisema hivyo. Nilitaka mtu mmoja anisikilize kabla hajakusikia wewe. Mtu mmoja, dakika kumi na tano. Na niliandika sina mtu wa kumuuliza mambo yale. Uongo uko wapi? Nikikuuliza mitambo inayojiendesha unaniambia swichi."

"Ungesema hivyo usoni mwangu."

"Nimesema mara ngapi? Unachukua kiti unaanza kuniandikisha."

"Mimi nilikuweka kwenye kibao."

"Sikukuomba uniweke."

Nilichukua simu yake kutoka kwenye koili, nikaifuta vanishi iliyogusa, nikamrudishia. Watu husema mzazi husahau haraka. Mimi sijui mzazi gani huyo. Wiki zile tulifanya kazi meza moja, tukipeana koleo na bisibisi bila neno la ziada, kama mafundi wawili waliokodishwa na matajiri tofauti. Jirani wa vipuri aliniuliza yale mazungumzo ya Mbale yalikwendaje. Nikamwambia yalikwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwangu kukosa la kujivunia nikiwa nimesimama chini ya kibao changu mwenyewe.

Kisha mchana mmoja binti akaja kuomba ufunguo wa pikapu.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi. Nataka kukaa ndani, hapa kuna kelele. Kuna mtu atanipigia."

"Wa wapi?"

Alisita, na mimi sikumlaumu kwa kusita. "Wa mtandaoni. Mwingine." Hakutaja mji.

Nikampa. Akaingia, akapandisha vioo vyote juu, pamoja na lile joto na ile harufu ambayo haijawahi kutoka kwenye zulia. Nilikuwa nasuka, lakini meza yangu inatazama uani. Nilimwona anaongea, anasikiliza, anaandika gotini, anacheka mara moja. Mdomo wake nilikuwa nauangalia kama mtu anayetafuta jina lake kwenye redio iliyozimwa.

Aliposhuka alikuwa amelowa jasho na uso unang'aa. Akaniletea ufunguo.

"Ulimwandikia nini huyo?" nikamuuliza. "Nisomee. Sitasema kitu."

Akafungua simu, akanisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, ameegemea meza. Ulianza kwa kile huyo mtu alichokiandika. Ukasema ana stashahada ya umeme, anasuka mota Jinja, anataka kujua njia ya kuingia kwenye mitambo inayojiendesha. Ukaomba dakika kumi na tano, ukamwachia mtu nafasi ya kukataa. Ukashukuru.

Nilisubiri. Hakukuwa na zaidi. Ndogo ilikuwa imetoka. Ile ya kutokuwa na mtu nayo ilikuwa imetoka. Mahali pake hakuweka kitu.

"Ni mzuri," nikasema.

"Asante, baba."

Akarudi kwenye mota yake. Nami nikarudi kwenye yangu, nikashika waya pale nilipouachia. Anasuka mota, ameandika. Hakusema amefundishwa na nani.